Mchele wa Ubaruku: nataka kumuuzia mlaji wa Dar moja kwa moja kupitia WhatsApp, nianzie wapi?

Mpunga_Usangu

Wakuu habari za kazi. Nalima mpunga Mbarali, huku Ubaruku, aina ya Saro na Supa kidogo. Nikivuna napeleka mashineni, mzigo unalala stoo ya mashine bure, nasubiri wanunuzi wa Dar. Wakija hawaongei na mimi. Wanaongea na dalali wa pale mashineni, yeye anataja bei kwa mnunuzi na anataja nyingine kwangu, cha juu anabaki nacho. Nikikataa, mzigo wangu unarukwa na wenzangu wanauza.

Dar nina ndugu, nina watu niliosoma nao sekondari, wengine walimu, wengine wako maofisini. Wote wanakula wali na wote wako kwenye WhatsApp. Nataka nianze na gunia 10 za mpunga, nikoboe, niwauzie wenyewe mchele. Naomba aliyefanya hii kazi anieleze inavyokwenda, hasa mwanzo wake. Za "fursa ni nyingi" nimeshazisikia za kutosha.

KijanaWaMtandao

Rahisi sana mkuu. Fungua akaunti ya Instagram, tafuta jina zuri la mchele wako, piga picha kali, lipia tangazo kidogo kila wiki. Wateja watakutafuta wenyewe. Na kwenye WhatsApp tengeneza brodikasti ya watu 256, tupia namba zote ulizonazo, asubuhi moja umewafikia wote.

Mama_Mchele_Kimara

Mpunga_Usangu karibu. Mimi nauza mchele Dar mwaka wa kadhaa sasa, naletewa na kaka zangu kutoka Igurusi, na wateja wangu karibu wote wamepatikana kwa simu. Nianze kwa kijana hapo juu, maana nusu ya alichosema ni kweli.

Brodikasti ipo na inasaidia, lakini ujumbe wake unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ukitupia namba 256 za watu wasiokuhifadhi, hakuna kinachofika na wala hutajua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtafuta mtu mmoja mmoja, kumsalimia kama ndugu, kumwambia unacholima na wapi, kisha kumwomba aihifadhi namba. Andika jina na bidhaa pamoja, "Fulani Mchele Ubaruku", ili siku anatafuta mchele kwenye simu yake jina lako litokee. Watu 40 waliokuhifadhi wana faida kuliko 1,000 wanaokupita Instagram.

Na tangazo la kulipia kwa mzigo wako wa gunia 10 litakuletea watu wa Mwanza na Tanga wanaouliza bei. Utampelekeaje mtu wa Tanga kilo 25? Wewe unahitaji watu wachache wanaoishi karibu karibu, watakaokula na kurudi mwezi ujao.

Sasa, mteja wa Dar anayenunua mchele kwa mtu asiyemwona ana hofu nne. Umechanganywa? Una chenga? Una mawe? Ni mpya au wa zamani? Hiyo ya mwisho wakulima mnaisahau, ila huku mjini ndiyo swali la kwanza. Mchele uliovunwa juzi hunata na hutaka maji machache, mama akipika kama alivyozoea unakuwa bokoboko, na lawama zote zinakuja kwako. Wa zamani huchukua maji, huvimba na kuchambuka. Usijaribu kuficha. Sema "ni wa msimu huu, punguza maji" na mteja atakuamini hata kwa mengine.

Hofu hizo hazijibiwi na picha kali. Zinajibiwa na video ya sekunde 30 ukiwa palepale mashineni. Onyesha mchele unavyotoka, chota kiganja umwage kwenye sahani nyeusi au kitambaa cheusi ili chenga zionekane, kisha pandisha mfuko kwenye mzani namba zikionekana. Sauti iwe yako mwenyewe, useme ni aina gani, umevunwa mwezi gani, bei ya kilo ni ngapi. Jioni weka stetasi ya sufuria la wali wa mchele huohuo ukipakuliwa. Na bei iweke wazi. Mimi nikiona "bei njoo inboksi" napita, najua bei itategemea sura yangu.

Dalali_Tandale

Nasoma tu hapa. Mimi ni dalali wa nafaka Tandale na sioni aibu kusema. Mkulima wetu anasema dalali anachukua cha juu, sawa, kipo. Lakini ajiulize cha juu kile kinalipia nini. Mnunuzi akija na Fuso anabeba mzigo wote siku moja, wenye chenga na usio na chenga, na pesa mkulima anaondoka nayo jioni ileile. Wengine tunawakopesha wakulima pesa ya palizi na mbolea kabla ya mavuno. Huyo mwalimu wa Dar atakukopesha mbolea?

Nyie mnaona bei ya dukani mnatoa bei ya mashineni mnasema tofauti yote ni wizi. Fanyeni hesabu kwanza.

Mama_Mchele_Kimara

Dalali kasema neno na nalikubali. Tufanye hesabu, Mpunga_Usangu. Bei hizi ni za mfano, weka zako za leo.

Gunia 10 za kilo 80 ni kilo 800 za mpunga. Mpunga uliokauka vizuri kwenye mashine nzuri unatoa mchele kama asilimia 63, basi una kilo 500 hivi, mifuko 20 ya kilo 25. Tuseme mashineni mchele unanunuliwa 1,700 kwa kilo, na duka la mtaani Dar linauza 2,500. Wewe uza 2,300, mteja aone nafuu.

Katika kila kilo utatoa nauli ya Fuso shilingi 90, mfuko mpya na uzi 30, kupakia na kushusha 30, kirikuu au bodaboda ya kusambaza mjini 120, makato ya kutuma na kutoa pesa 10, na pungufu la mzani na mwagiko 20. Jumla 300. Unabaki na 2,000, yaani umemzidi yule wa mashineni kwa 300 tu na siyo 800 uliyokuwa unaiona. Kwa kilo 500 ni 150,000.

Sasa angalia. Mteja mmoja akichukua kilo 50 kwa "nitakulipa mwisho wa mwezi" na asilipe, umepoteza 115,000. Faida ya safari nzima imebaki 35,000. Kwa hiyo kinachoamua kama hii biashara inalipa ni mambo mawili, deni na ile 120 ya kusambaza. Mengine ni madogo.

Deni dawa yake ni kuuza kwa oda. Watumishi wengi hupata mshahara kati ya tarehe 23 na 25. Tarehe 17 au 18 weka stetasi: mzigo unakobolewa, nachukua oda hadi tarehe 22. Anayetaka anakutumia sehemu kidogo ya pesa kushikilia mfuko wake, anamalizia akipokea. Koboa kulingana na oda. Mpunga wako ukibaki na maganda hauharibiki haraka, mchele ukishakobolewa ndiyo fukusi wanaukimbilia. Usilete Dar mzigo usio na mwenyewe, maana utalipa stoo na mwishowe utampigia dalali yuleyule ukiwa huna nguvu ya kubishana bei.

Pishori_Mwea

Niwasalimu kutoka Mwea, Kirinyaga. Huku kwetu shida ni ileile, pishori inachanganywa na mchele wa bei ya chini halafu inauzwa Nairobi kama pishori halisi, kwa hiyo mkulima akijionyesha uso wake shambani anauza. Mimi napakia mifuko ya kilo 5 na 10, naweka kwenye matatu za mizigo, mteja anachukua stejini.

Lakini hapo kwa malipo sikubaliani na huyo mama. Kwangu ni pesa yote kabla, hakuna nusu. Mteja asiyeweza kulipa yote huyo si mteja. Nunua simu nzuri, onyesha shamba, watalipa.

Mama_Tausi_Tabata

Mimi ni mnunuzi, nisikilizeni. Kaka wa Mwea, mimi nilishatuma pesa yote kwa muuzaji wa mchele niliyemwona Facebook, video nzuri, shamba zuri, kumbe video ni ya mtu mwingine. Pesa ikaenda na namba ikazimwa. Tangu siku hiyo mtu nisiyemjua simtumii yote hata aonyeshe shamba la ekari 100. Nusu nitatuma kama kuna mtu ninayemfahamu aliyekwisha nunua kwake.

Kinachonishawishi ni kuona jirani kaandika kwenye grupu la mtaa "jamani mchele wa fulani umefika, nimepika, mzuri". Basi. Hapo nanunua.

Pishori_Mwea

Nimekuelewa mama. Wateja wangu wa kwanza walikuwa watu wa kanisa letu waliohamia Nairobi, labda ndiyo maana sikupata shida hiyo.

Mama_Mchele_Kimara

Umejibu mwenyewe kaka. Walianza kukulipa yote kwa sababu walikujua tangu kanisani. Mgeni anahitaji sampuli au mdhamini.

Mpunga_Usangu, sampuli fanya hivi. Safari ya kwanza funga vipakti vya nusu kilo kama 10, usigawe ovyo. Mpe mtu ambaye watu humsikiliza kwenye grupu lake: mweka hazina wa kikoba, mwalimu mwandamizi, mama anayepikia shughuli. Mwambie apike na aseme ukweli, hata kama ni ubaya. Akikuomba ruhusa ya kuweka picha ya wali wake kwenye grupu, umepata wateja. Usiingie wewe kwenye grupu la watu wasiokujua na kumwaga matangazo, watakuondoa siku hiyohiyo.

Nyanya_Ilula

Samahani naingilia. Mimi nina nyanya Ilula, matenga yako shambani yanaiva. Nikiweka stetasi leo nitapata wanunuzi wa Dar kufikia kesho kutwa?

Mama_Mchele_Kimara

Kaka, kwa mzigo ulioiva leo mpigie dalali leo, usipoteze. Mchele unasubiri oda wiki nzima, nyanya haisubiri. Nyanya moja kwa moja inawezekana kwa mtu anayechukua kila siku, mgahawa au mpishi wa shughuli, na huyo unaelewana naye kabla hujapanda au angalau kabla haijaanza kugeuka rangi. Fungua uzi wako, wapo wanaolijua hilo kuliko mimi.

Kirikuu_Mbagala

Mimi nasambaza mizigo Dar. Hiyo 120 ya kusambaza iliyoandikwa hapo inawezekana tu kama mifuko 20 inakwenda sehemu mbili au tatu. Ukinipa mifuko 20 kwenye nyumba 20, moja Tegeta, moja Gongo la Mboto, moja Chamazi, mafuta na foleni vitakula faida yote ya mkulima, na hapo sijafika kwa mteja anayesema "nimetoka kidogo, nisubiri".

Ushauri wangu, mzigo ushuke sehemu moja. Mwambie kila mtu kabla hajaagiza: kituo ni shule fulani au ofisi fulani, siku fulani, saa fulani. Anayetaka kupelekewa nyumbani analipa nauli yake mwenyewe, itajwe mapema. Na kila mfuko uandikwe jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito kabla haujapakiwa huko Ubaruku. Wasioandika, siku ya kushusha kila mtu anachagua mfuko anaouona mnene.

Mpunga_Usangu

Asanteni sana, hasa hiyo hesabu ya deni, nimeirudia kwa bei za hapa leo na inakaa palepale.

Nina dada yangu mwalimu shule moja Tabata, anaweza kuwa kituo. Walimu wenzake wako zaidi ya 30. Ila ananiambia atatumia muda wake, ataita watu, atapima, atakusanya pesa. Nimpe nini? Nikimpa shilingi 50 kila kilo si nimetengeneza dalali mwingine?

Swali la pili, ushuru. Njiani kuna vizuizi.

Dalali_Tandale

Umeona sasa? Ndiyo, huyo ni dalali. Anafanya kazi ninayofanya mimi na anastahili kulipwa.

Mama_Mchele_Kimara

Mimi naona kuna tofauti moja kubwa. Dada yako anajua bei uliyoweka na walaji wanaijua, iko kwenye stetasi. Hawezi kukuambia mchele umeuzwa 2,000 wakati umeuzwa 2,300. Dalali wa mashineni nguvu yake ni kwamba wewe na mnunuzi hamuongei. Mlipe dada yako, ila majina na namba za wateja ziwe kwenye simu yako pia. Kwenye WhatsApp Business kuna lebo, weka mmoja mmoja: ameagiza, amelipa sehemu, amemaliza, anapenda wa zamani. Dada akihamishwa kituo cha kazi kesho, wateja wasiondoke naye.

Kuhusu kiasi, 50 kwa kilo 500 ni 25,000. Wengine wanampa mfuko mmoja wa kilo 25 kwa kila mifuko 20, hiyo ni ghali zaidi, kama 57,500 kwa bei ya kuuzia. Mimi ningeanza na pesa taslimu.

Afisa_Shamba

Kwenye ushuru nikusaidie. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, mazao yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru wa mazao. Kilo 500 zako ziko chini ya hapo. Shida inakuja ukipakia kwenye Fuso la mtu lenye tani 10, mzigo unaonekana wote ni mmoja. Kuwa na karatasi ya mashine inayoonyesha jina lako na kilo zako, na dereva awe nayo.

Jambo jingine ambalo sijaona likitajwa ni kukausha. Mchele wa kuuzia mlaji moja kwa moja unaamuliwa kwenye turubai kabla ya mashine. Mpunga ukianikwa kwenye jua kali tabaka jembamba siku nzima bila kugeuzwa, punje zinapasuka ndani, ukikoboa ni chenga tupu. Tandaza unene wa vidole viwili vitatu, geuza mara kwa mara, kwenye jua la mchana mkali kusanya au funika. Unyevu wa kama asilimia 14 ndio mzuri kwa kukoboa. Hapa kijijini wengi wanauma punje: ikikatika kwa mlio iko tayari, ikibonyea bado. Dalali atakuchukulia chenga kwa bei ya chini, lakini mwalimu wa Tabata hatarudi.

KijanaWaMtandao

Nakubali kwenye brodikasti. Ila Instagram bado nasema ina kazi yake. Mtu akiambiwa na jirani kuhusu mchele, kitu cha kwanza anatafuta jina mtandaoni. Akikuta ukurasa wenye video za miezi kadhaa nyuma anajua huyu hajazuka jana.

Mama_Mchele_Kimara

Hapo sina ubishi. Uweke zilezile video za stetasi, maana stetasi inapotea baada ya saa 24. Ukurasa uwe kumbukumbu, bila kulipia tangazo. Ila ukifika hatua ya kuchapa jina kwenye mifuko na kupeleka madukani, TBS wanahusika, na hilo ni somo jingine.

Mama_Tausi_Tabata

Na mwambieni kuhusu matapeli, maana wanawatafuta na wauzaji pia.

Dalali_Tandale

Hilo naliongea mimi kwa sababu nimeyaona sana. Ukianza kujitangaza utapigiwa na mtu anayesema ni wa shule au kambi, anataka tani 3 haraka. Haulizi aina, haulizi mpya au wa zamani, bei habishani. Mnunuzi wa kweli wa tani 3 atabishana hata shilingi 10. Halafu atasema utume kidogo "ya kufungua faili" au upakie atalipa mzigo ukifika. Kata simu. Na mteja akikuonyesha ujumbe wa malipo, usisome ujumbe, angalia salio lako. Ujumbe wa kughushi unafanana kabisa na wa kweli.

Mpunga_Usangu

Nashukuru hadi wewe wa Tandale. Nimeamua hivi: gunia 10 zinakwenda kwa oda kupitia dada, atapata 50 kwa kilo. Zilizobaki nauza mashineni kama kawaida, maana nahitaji pesa ya kulipa vibarua na siwezi kusubiri mishahara ya watu. Gunia chache za Supa naziweka kwenye mifuko ya PICS hadi mwezi wa kwanza, wanaopenda wa zamani nitakuwa nao.

Tangu juzi nimeongea na walimu 14, kila mmoja kivyake, 9 wamehifadhi namba, 6 wameomba sampuli. Wawili wameuliza kama nitapunguza bei wakichukua mifuko minne. Hapo ndipo sijajua nijibu nini.

Mama_Mchele_Kimara

Mifuko minne kwa mtu mmoja, muulize kwanza ni ya kula au ya kuuza. Kama ya kuuza, bei ya jumla ipo, labda 2,200, ila iwe kwa wote wanaochukua minne na iandikwe wazi. Kama anawakusanyia wenzake watatu, mwambie wote wanne watume majina yao, bei ni ileile. Ukimpunguzia mmoja kwa siri, chumba cha walimu kitajua kabla ya saa nne.

Dalali_Tandale

Mimi ningempa. Mteja wa mifuko minne anakupunguzia kazi ya wateja wanne.

Mama_Tausi_Tabata

Mpunga_Usangu, mimi niko Tabata. Nitajie siku mzigo unashuka, nije nione unavyopimwa. Nikiridhika nachukua mmoja wa kilo 25, Supa, siyo Saro.